Pale Uyole: tunakunja au tunanyoosha?

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Uyole, baridi ile ya mwezi wa nane inayopenya mpaka kwenye soksi. Dereva wetu akapunguza mwendo pale njia panda, akawasha indiketa ya kulia, akaizima, kisha akanitazama kwenye kioo mimi niliyekaa nyuma.

"Dada, tunakunja au tunanyoosha?"

Kukunja kulia ni Tukuyu. Kunyoosha ni njia ya Iringa, yaani Mbarali.

Nikamgeukia sevea, mpima ardhi wetu, yeye kakaa mbele na boksi la mashine kalipakata kama mtoto. "Kaka, leo uko wapi?" Akacheka kile kicheko cha mtu aliyechoka, akanipa simu yake nisome mwenyewe. Meseji ya kwanza ya meneja wa mradi wa maji kule Rungwe: kesho Jumanne saa mbili saiti, wanakijiji wameshaambiwa. Meseji ya pili, imeingia dakika kumi baadaye, ya meneja wa mfereji Mbarali: sevea kesho tunaanza, vijana wako tayari na fimbo.

Wote wawili walikuwa sahihi. Ratiba zote mbili zilikuwa na Jumanne ile, na zote mbili nilizipitisha mimi.

Tukakunja, kwa sababu Tukuyu ni karibu zaidi na nyuma yetu kulikuwa na lori linapiga honi. Ndo hivyo uamuzi wa kitaalamu ulivyofanyika.

## Sentimita tisa

Ningeweza kuisahau asubuhi ile kama isingekuwa kilichotokea kesho yake.

Sevea alimaliza Rungwe jioni, akarudi mjini usiku, akapata kama saa tano za usingizi, alfajiri yupo njiani kwenda Mbarali. Kufika akasimamisha stendi, akapima kwa tepu urefu kutoka kwenye kigingi mpaka kwenye mashine, mita 1.45, akaandika 1.54 kwenye kioo cha totali stesheni, ile mashine ya kupimia umbali na mwinuko. Namba mbili zimebadilishana nafasi, basi.

Sasa anayejua hizi mashine anajua ukikosea urefu wa mashine, kila pointi unayoipiga kutoka kwenye ule msimamo inapanda juu kwa kiasi kilekile, na hakuna kengele inayolia. Kila kitu kinaonekana safi kabisa. Alikuja kugundua alipohamisha stendi, akairudia pointi aliyokuwa ameshaipiga, ikakataa kwa sentimita tisa.

Sentimita tisa kwenye msingi wa nyumba utasema tutasawazisha kwa zege. Ila mfereji ule mteremko wake ni moja kwa elfu mbili, yaani kilomita nzima maji yanashuka nusu mita tu. Sentimita tisa pale ni mteremko wa mita 180 za mfereji. Ungechimba kwa vile vipimo maji yangefika katikati ya mashamba ya mpunga yakasimama, yanakutazama.

Akarudia nusu siku yote. Hakuna aliyejua zaidi yake na mimi, na kaniambia kwa aibu, kama mtu anayekiri dhambi. Huyu ni mtu ambaye kwa miaka minne niliyomjua sijawahi kusikia kakosea kuandika urefu wa mashine.

Hilo ndo lilinikaa kichwani wiki tatu. Maana mimi kazi yangu ni mipango, na nilikuwa najiambia mipango iko vizuri.

## Masevea watatu wa kwenye makaratasi

Tulikuwa na miradi mitatu inayomtaka mwezi wa tisa. Bomba la maji ya mserereko Rungwe, mfereji wa umwagiliaji Mbarali, na ghala huko Chunya. Kila mradi una meneja wake, kila meneja ana faili lake la Microsoft Project, na ndani ya kila faili kuna mtu anaitwa Sevea.

Nilifungua moja moja. Faili la Rungwe: Sevea siku tatu kwa wiki kwa wiki mbili za kwanza, poa. La Mbarali: siku mbili kwa wiki kwa wiki tatu, anapumua kabisa. La Chunya: siku mbili wiki ya pili na siku moja wiki ya tatu, karibu hana kazi. Hakuna jina jekundu hata moja, na ile rangi nyekundu ndo namna programu inavyokwambia mtu kazidiwa.

Na haiwezi kuwa nyekundu, kwa sababu kompyuta inamwona Sevea wa faili hili ni mtu mwingine na Sevea wa faili lile. Kwenye karatasi tulikuwa na masevea watatu, wote wana nafasi. Mjini Mbeya yupo mmoja, ana mke na watoto wawili.

Kuna njia ya kuyaunganisha, unatengeneza faili moja la watu tu halafu mafaili mengine yanakopa kutoka humo kwa `Share Resources`. Ila kabla sijafika huko nilitaka kwanza kuona kwa macho yangu, nikaandika kila kazi ya sevea kwenye Eksel, mstari mmoja mmoja: mradi, mtu, wiki, saa. Kisha pembeni fomula moja tu:

```
=SUMIFS(E:E,C:C,"Sevea",D:D,$H2)
```

Safu ya C ni mtu, D ni wiki, E ni saa, na H nimeandika namba za wiki. Inajumlisha saa zote za Sevea kwa wiki ile bila kujali mradi ni wa nani. Siku ya saiti nikaihesabu saa nane.

Wiki ya kwanza ikaja 40. Ya pili 56. Ya tatu 24.

Nikapumua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa 45 kwa wiki za kawaida, kwa hiyo kumbe tatizo ni wiki moja tu, ya pili, kazidi saa 11, tunahamisha siku mbili kwenda wiki ya tatu habari imeisha. Nilikuwa karibu kufunga kompyuta nikanywe chai.

Lakini kuna kitu kikanikatalia. Ile wiki ya Uyole, kwa hesabu hizihizi, alikuwa na saa 32 tu. Mtu wa saa 32 hasinzii kwenye stendi.

## Saa ambazo hakuna anayezibuku

Nikamwomba anivumilie, kwa wiki mbili kila jioni anitumie kwenye Wasapu sauti fupi ya nini kafanya siku ile. Alizituma nyingine akiwa kwenye gari, unasikia injini inalalamika mlimani.

Kumbe bwana.

Kwanza safari. Kwa gari letu, kwenda na kurudi Rungwe inakula saa nne, Mbarali tano, Chunya tatu. Hakuna meneja anayeiandika, kwa sababu kwenye mawazo yake siku ya saiti inaanza sevea akishuka kwenye gari.

Pili, na hii ndo ilinimaliza, kila siku ya saiti inazaa saa tatu za ofisini. Kuhamisha data kutoka kwenye mashine, kuangalia kama mizunguko ya vipimo imefunga, yaani imerudi ilipoanzia bila kupishana, kuchora. Meneja anaomba siku tatu, anapata siku tatu, halafu Ijumaa anapiga simu "michoro iko wapi?" kana kwamba michoro inajichora. Sevea alikuwa anaifanya usiku, nyumbani, mezani watoto wakishalala.

Tatu, saa kama tatu kwa wiki za kukagua na kuchaji mashine na vikao vya Jumatatu. Kwa hiyo zile 45 ukitoa hizo unabaki na 42 za kugawia miradi. Nikarudia hesabu.

Wiki ya kwanza: siku tano za saiti ni 40, ongeza 15 za ofisini, ongeza safari mbili tofauti 9. Jumla 64.

Wiki ya pili: siku saba za saiti (ndio, saba, ndani ya wiki moja), 56, na 21 za ofisini, na safari tatu 12. Jumla 89.

Wiki ya tatu 41.

Wiki ile niliyodhani iko sawa imezidi saa 22, na ile ya pili ni zaidi ya mara mbili ya uwezo wake. Hata ukisema mlipe ovataimu, sheria hiyohiyo inaweka kikomo cha saa 50 za ziada ndani ya mzunguko wa wiki nne, na hapa wiki mbili tu za kwanza zingekula 69. Yaani siyo suala la roho nzuri ya bosi wala uvumilivu wa sevea, ratiba yetu ilikuwa haiwezekani tangu siku inaandikwa na sisi tuliisaini.

Nilimpelekea lile jedwali. Akaliangalia muda mrefu, akasema, "Sasa dada, mimi nilikuwa nadhani nimezeeka."

## Nilivyobonyeza kitufe

Hapa nakiri ujinga. Nikaunganisha mafaili yote matatu, nikaona jina la Sevea limekuwa jekundu kila mahali mpaka nikafurahi, kisha nikaenda kwenye `Level All` nikabonyeza. Si ndo kazi yake? Inasogeza mbele kazi zinazoweza kusubiri mpaka mtu asizidi saa zake.

Ikasogeza. Nyekundu yote ikapotea. Mradi wa Rungwe ukasogezwa wiki tatu.

Rungwe! Ambao ndo haukutakiwa kusogea hata siku moja. Ule upimaji wa njia ya bomba ndo unatoa tofauti ya mwinuko kati ya chanzo na kila sehemu chini yake, na hiyo ndo inaamua unanunua bomba la daraja gani. Kila mita kumi za mwinuko ni takriban bari moja ya presha, kwa hiyo bomba la PN 10 linavumilia kama mita 100, ukizidi hapo unatafuta PN 16 au unajenga tangi la kupunguza presha katikati. Bila vipimo huwezi kuagiza. Muuzaji katuambia wiki sita tangu oda mpaka bomba lifike, na huku mvua za mwezi wa kumi na moja hazimsubiri mtu, ukichimba mtaro Rungwe kwenye mvua unachimba tope.

Kwa nini kompyuta iliuchagua huo? Nilikaa nayo mchana mzima. Sababu mbili, na zote ni za kwetu.

Ya kwanza: oda ya bomba haikuwemo kwenye faili la Rungwe kabisa, ilikuwa kwenye karatasi la mtu wa manunuzi. Kwa hiyo kwenye faili, baada ya upimaji hakuna kitu kinachousubiri, na safu ya `Total Slack` ilikuwa imeandika siku 40. Programu ikaona huyu ana siku arobaini za kusubiri, asubiri. Sasa hivi nikiona kazi ya katikati ya mradi ina floti, yaani siku za kusubiri, kubwa hivyo huwa siamini, najua kuna kamba imekatika mahali.

Ya pili: meneja wa Mbarali alikuwa kaweka kwenye kazi zake zote sharti la `Must Start On`. Kazi yenye sharti hilo programu haiigusi, inazunguka pembeni yake. Yeye aliniambia aliweka "ili tarehe zisihame hame". Kapigilia msumari, wenzake ndo wakalazimika kuhama.

Na miradi yote mitatu ilikuwa na kipaumbele 500, ile namba inayokuja yenyewe usipochagua. Kwa macho ya kompyuta wote ni sawa.

Nikabonyeza `Clear Leveling`, kila kitu kikarudi kilipokuwa, na nyekundu yake.

## Kuuliza watu wenyewe

Basi nikafanya kitu nilichokuwa nakikwepa, kwenda kuongea na kila meneja peke yake. Siyo kwenye kikao. Kwenye kikao kila mtu mradi wake ndo wa dharura.

Swali lilikuwa moja, ila nalizungusha: upimaji ukichelewa wiki moja, nani anasimama? Siyo nani anakasirika. Nani anasimama, na anafanya nini siku hiyo.

Wa Rungwe alijibu bila kufikiri, mtu wa manunuzi anasimama na oda inachelewa. Sawa. Floti sifuri, na nikaiingiza ile oda kwenye faili pale pale.

Wa Mbarali alianza kwa ukali, "dada hatuwezi kusogea, mfereji lazima upimwe ukiwa mkavu." Kweli, maji yakiingia huwezi kupima sakafu. Ila maji yanaingia lini? Akahesabu kwa vidole. Mchoraji anaanza lini, mkandarasi wa kuchimba anaingia lini? Tukagundua kati ya mwisho wa upimaji na mtu wa kwanza anayeuhitaji kweli kuna wiki tatu. Alikuwa nazo mfukoni siku zote. Simlaumu, kila meneja ana floti yake anaificha kama noti ya elfu kumi kwenye soksi, maana akiitaja tu wenzake wanaila.

Wa Chunya ndo alikuwa anapiga kelele kuliko wote. Eskaveta imeshakodiwa wiki ya pili, alama za msingi zikikosekana inakaa bure na hela inatembea. Nilikuwa nimeshaanza kukubali. Nikauliza tu kwa kupitia, mtaro ukishachimbwa nini kinafuata? Nondo. Nondo ziko wapi? Akanyamaza kidogo. Nondo zinafika wiki ya nne.

Kwa hiyo tungemkimbiza sevea Chunya wiki ya pili ili mtaro ukae wazi wiki mbili, ubomoke kingo, tuurudie. Akampigia mwenye eskaveta mbele yangu, ikasogezwa wiki moja, simu ya dakika tatu.

Nikatoka pale nimeduwaa kidogo. Ile kelele kubwa haikuwa na kitu nyuma yake, na kazi yenye haraka ya kweli ilikuwa ya mtu mpole kuliko wote.

## Ratiba yenyewe

Kabla ya kupanga tarehe tukapunguza kwanza mzigo. Zile saa tatu za ofisini kwa kila siku ya saiti, ukiangalia vizuri, mbili ni kuhamisha data na kuchora, kitu ambacho binti wetu wa michoro anakiweza. Ya tatu ndo ya sevea mwenyewe, kukagua mizunguko imefunga na kusaini. Siku 15 za saiti mara saa mbili, saa 30 zimemtoka mabegani bila kuhamisha tarehe yoyote. Binti alihitaji siku moja ya kuelekezwa namna sevea anavyoandika kodi za pointi zake, yaani vifupisho vya kila alichopima, maana mwandiko wake wa kodi ni lugha yake mwenyewe.

Halafu tukakataa kumkatakata. Kabla ya hapo alikuwa anaenda Mbarali siku mbili mbili kwa wiki tatu, ina maana safari tatu, saa 15 barabarani. Ukimpa siku nne kwa mkupuo na mbili baadaye ni safari mbili, saa 10.

Ikatoka hivi. Wiki ya kwanza Rungwe siku nne, saa 40. Wiki ya pili Rungwe siku mbili za kumalizia, saa 22. Wiki ya tatu Chunya siku mbili, saa 21. Wiki ya nne Mbarali siku nne, saa 41. Wiki ya tano Mbarali siku mbili za mwisho na Chunya siku moja ya kukagua msingi kabla ya zege, saa 35.

Rungwe inaisha wiki ya pili ileile iliyopangwa mwanzo. Chunya imesogea wiki moja, bado inawahi nondo. Mbarali inaisha wiki ya tano badala ya tatu, imekula wiki mbili kati ya tatu zake. Hakuna mradi hata mmoja uliobadilisha tarehe ya mwisho, na hiyo ilikuwa bahati kwa kiasi fulani. Floti zisingetosha ingebidi mradi mmoja uchelewe kweli, na hapo kuchagua upi siyo kazi ya mtu wa mipango, ni ya mkurugenzi, yeye ndo anayejua mkataba upi una faini na mteja yupi atavumilia. Nilishaandaa hata namba za vipaumbele nimpelekee, sikuzihitaji.

Yule wa Chunya hakukata tamaa. Akaja na hesabu zake: wiki ya pili sevea ana 22 tu, niongezee zangu 21, inakuwa 43. Imezidi saa moja tu dada, saa moja!

Nilisita, kusema kweli. Saa moja mtu anamaliza kwa kuamka mapema. Na mimi sipendi kukatalia mtu kitu kidogo.

Ila ile wiki ingekuwa imejaa hadi ukingoni, na ni wiki ya Rungwe. Nikasema hapana, na sikuwa na uhakika kama nimekataa kwa akili au kwa woga.

## Ukungu

Jumatano ya wiki ya pili sevea ananitumia picha. Nyeupe tupu. Nikadhani imekosewa kutumwa, kumbe ni bonde la bomba, ukungu umelala kwenye migomba huoni iko wapi fimbo ya prizma, kile kioo ambacho mashine inakilenga.

Totali stesheni inataka kuona. Usipoiona prizma hupimi, ndo basi. Mashine ya setilaiti ingeweza kupita kwenye ukungu, lakini njia yenyewe inapita chini ya miti na migomba minene, setilaiti anazipata tatu, anapoteza, anapata, mwinuko unacheza. Kwenye kazi inayoamua presha ya bomba huwezi kukubali mwinuko unaocheza. Wakakaa kwenye gari wakala mahindi ya kuchoma mpaka saa nane, wakarudi kwenye nyumba ya wageni.

Siku mbili zikawa tatu. Wiki ikatoka 22 ikawa 31.

Na ikaishia hapo. Hakuna simu ya Chunya, hakuna aliyesimama na fimbo Mbarali. Kama ningekubali zile 43, zingekuwa 52, na Alhamisi ile tungekuwa tena Uyole tunaulizana.

Wiki ya tatu zile saa zilizobaki nilikuwa nimeziacha wazi makusudi, na mkurugenzi akapita akamkuta sevea nje anasafisha miguu ya stendi kwa brashi ya meno, anapiga stori na mlinzi. Akaingia kwangu, "Huyu mbona yupo tu?" Nikamwonyesha jedwali. Akaguna. Guno la bosi lina maana nyingi, sikuuliza ipi.

## Leso kwenye siti

Sasa hivi ishu ni nyingine kabisa. Mameneja wameshajua kuna jedwali moja, na wameanza kufanya kama abiria wa basi la Kyela, anatupa leso dirishani ikakae kwenye siti kabla hajapanda. Yule aliyekuwa anaomba siku tatu anaomba tano. Mmoja kabuku wiki nzima ya mwezi wa kumi na moja, nikamuuliza kazi gani, akasema "kutakuwa na kitu tu".

Nimeweka utaratibu, kila Alhamisi saa sita meneja athibitishe siku za wiki ijayo na aseme ni kipande gani kinapimwa, asipothibitisha leso inatolewa. Unafanya kazi nusu nusu. Kinachosaidia zaidi ni kwamba naandika pembeni siku alizoomba na siku zilizotumika kweli, na hilo jedwali wanaliona wote. Aliyeomba tano akatumia tatu anatazamwa.

Kingine ambacho sijakimaliza ni kwamba huyu bado ni mmoja. Kumpanga vizuri hakujamfanya kuwa wawili. Akiumwa malaria wiki moja jedwali langu lote ni picha ya ukutani. Msaidizi wake anayeshika prizma ameanza kusimamisha mashine mwenyewe na sevea yuko pembeni, ila kumwachia mfereji wa moja kwa elfu mbili peke yake, bado kabisa.

Juzi usiku mkurugenzi kanitumia meseji. Kuna kazi imepatikana Mbozi, siku mbili tu, mteja mzuri, tumweke wiki ijayo. Nikafungua jedwali. Wiki ijayo sevea ana saa 21 tayari. Mbozi siku mbili ni 16, mbili za kukagua, nne za njiani. Ishirini na mbili.

Arobaini na tatu tena.

Nikampiga picha ule mstari nikamtumia, nikaandika chini yake, "Bosi, imezidi saa moja, na sijaweka mvua. Tumtoe wapi?"

Tiki zimekuwa za bluu tangu saa mbili usiku ule. Hajajibu mpaka sasa, na Alhamisi saa sita ni kesho.